Pemba, barafu na damu yenye kupunguka

(Maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa wanachama, Lubumbashi)



Kwenye soko ya Kenya pemba iko inauzwa karibu na chumvi na ndakala. Wengi tunasema ni tamaa ya mimba tu. Lakini mtu mwenye kuikula kila siku, ao mwenye kutafuna barafu kutwa, mara nyingi mwili wake umepungukiwa chuma. Chuma ndicho kinachotengeneza hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu yenye kubeba hewa.

Mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye mimba ya miezi tano, alikuwa anamaliza mifuko sita ya barafu kwa siku, na pemba juu yake. Alikuwa anachoka kwa kupanda ngazi tu. Tulimusindikiza kupima: hemoglobini 8. Kwa mwenye mimba, chini ya 11 ni upungufu wa damu. Muganga alimupa vidonge vya chuma pamoja na asidi foliki. Mbele posho mbili ziishe, hamu ya barafu ilikuwa imekatika, hata damu haijapanda sana. Ni vile inafanyikaka kwa wengi, na ndiyo inatuonyesha kama hamu ile ilitoka kwa ukosefu wa chuma. Namna gani chuma kidogo kinaleta hamu ya barafu, waganga hawajalieleza vizuri.

Pemba ni shida ingine. Barafu haiibe kitu, lakini udongo wa namna ile unaweza kushika chuma cha sombe na cha kidonge ndani ya tumbo, kikatoka pamoja na choo. Basi ukosefu unaleta pemba, na pemba inaongeza ukosefu. Udongo wa kuokota chini unaweza pia kuleta mayai ya minyoo. Na hapa kwetu, ambako viwanda vya shaba vilitoa moshi miaka mingi, unaweza kuwa na risasi, yenye kupita mpaka kwa mtoto tumboni.

Kwa hiyo yule mama aliacha pemba, akameza kidonge na maji ya ndimu, chai akaiweka mbali saa mbili. Choo kikawa cheusi. Tulimwambia asiogope, ni chuma. Kisha mwezi moja: 9,5. Ataendelea miezi mitatu kisha damu kufika sawa, sababu akiba ya mwili inajaa polepole.

Lakini tusijitibu kwa kuangalia pemba tu. Malaria na siko-seli nazo zinapunguza damu, na wengine wanakula pemba kwa desturi, damu yao iko sawa. Kama hemoglobini haipande kisha mwezi moja wa vidonge, mutu arudi kwa muganga.

Tunaomba kila kiongozi wa kikundi asicheke mwenye kula pemba. Amuulize tu: tangu lini, na ulishapima damu?