Kuchagua Pampu kwa Kasi Mahususi: Radia, Mchanganyiko au Aksia kwa Kituo cha Umwagiliaji



Mpunga wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, haupati maji kwa mteremko peke yake. Skimu ya Ahero hupandisha maji ya mto Nyando kwa pampu, na West Kano huyatoa Ziwa Victoria. Kazi ya aina hii ina sura moja: maji ni mengi, na kimo cha kuyapandisha, yaani hedi, ni kidogo. Hapo ndipo fundi aliyezoea pampu za visima na za majengo hukosea, kwa sababu pampu anazozijua zimeundwa kwa kazi iliyo kinyume, maji machache na kimo kikubwa.

Nitatumia mfano wa kazi kama hiyo. Takwimu zake nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya hesabu, si za kituo fulani. Tunataka nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Jumla ya kimo, pamoja na misuguano ya bomba, ni mita 5 katika msimu wa kawaida. Mto ukijaa kinashuka hadi mita 3, na ukame ukishika kinafika mita 6.5. Umeme ni wa herzi 50, kwa hiyo mota inayofungwa moja kwa moja kwenye shafti itazunguka kwa karibu mizunguko 1,450, 970, 730 au 580 kwa dakika. Kasi nyingine hupatikana kwa mikanda, giaboksi au kidhibiti cha masafa, na kila kimoja kina gharama yake.

Namba na maumbo

Kasi mahususi huunganisha mambo matatu katika namba moja:

```
nq = n × √Q ÷ H^0.75
```

Hapa n ni mizunguko kwa dakika, Q ni mita za ujazo kwa sekunde, na H ni kimo kwa mita. Q na H ni za mahali ambapo pampu ina ufanisi wa juu kabisa, si popote inapotokea kufanya kazi. Mtu akipima pampu iliyobanwa vali na kuingiza vipimo hivyo kwenye fomula, anapata namba isiyohusu umbo la impela yake. Vilevile, impela ikifyonza pande mbili, Q igawanywe kwa mbili. Pampu ikiwa na hatua kadhaa, H iwe ya hatua moja.

Namba ndogo ni impela nyembamba na pana kwa kipenyo, ambamo maji huingia katikati na kutupwa pembeni. Hiyo ni pampu ya radia, kuanzia nq ya 10 hivi hadi karibu 75. Namba ikipanda, mlango wa maji unapanuka na mapanga ya impela yanalala, maji yakitoka kwa mshazari: huo ndio mkondo mchanganyiko, hadi karibu 160. Kuanzia 140 au 150 na kuendelea tunaingia kwenye aksia, ambapo maji husafiri sambamba na shafti na impela inafanana na rafadha ya meli. Mipaka hii inapishana, na watengenezaji hawakubaliani kabisa juu yake.

Kuna tahadhari moja ya sokoni ambayo imewagharimu wengi. Katalogi nyingi za Kichina huzidisha namba hii kwa 3.65. Za Kijapani hutumia mita za ujazo kwa dakika, kwa hiyo namba inakua mara 7.75. Za Kimarekani, zenye galoni kwa dakika na futi, huifanya kubwa mara 51.65. Impela ileile yenye nq ya 205 itasomeka karibu 750 kwa Mchina, 1,590 kwa Mjapani na 10,600 kwa Mmarekani. Kabla ya kulinganisha zabuni mbili, chukua n, Q na H za kila pampu ukokotoe mwenyewe.

Hesabu ya kituo chetu

Kwa Q ya 0.5 na H ya 5, nq inakuwa 307 kwa mizunguko 1,450. 205 kwa 970. 154 kwa 730. Na 123 kwa 580. Kazi ni ileile, lakini kasi ya mota imetupeleka kutoka aksia kabisa hadi mchanganyiko. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kana kwamba kasi mahususi ni sifa ya kazi, unayoikokotoa na kuipokea. Ukweli ni kwamba mhandisi ndiye anayeichagua, kwa kuchagua mizunguko na idadi ya pampu.

Radia iko wapi katika orodha hiyo? Haipo. Ili tupate nq ya 70 kwa pampu moja, ingebidi izunguke mara 331 kwa dakika, na mota ya kasi hiyo ni nzito, ghali na adimu. Sasa tazama kinachotokea mtu akilazimisha. Pampu ya radia yenye nq ya 70, ikizunguka 1,450 na kutoa nusu mita ya ujazo, huzalisha kimo cha karibu mita 36. Sisi tunahitaji 5. Mita 31 zilizobaki zitauawa kwenye vali. Kwa ufanisi wa asilimia 85, pampu hiyo itahitaji karibu kilowati 207 kwenye shafti, wakati kazi yenyewe, kwa ufanisi wa asilimia 80, inataka kilowati 31 tu. Na vali ikiachwa wazi, mambo yanazidi kuharibika: pampu inakimbilia mwisho wa mchoro wake, nguvu inayohitajika inapanda, mota inazidiwa, na impela inaanza kuliwa na kavitesheni. Ukikuta kituo cha kimo kifupi ambacho vali zake hazijawahi kufunguliwa zaidi ya robo, umekuta kosa hili.

Upande wa pili kuna kishawishi cha 1,450, kwa sababu mota yake ni ndogo na rahisi. Hapo kizuizi ni ufyonzaji. Kimo cha chini kinachohitajika mlangoni mwa impela, NPSH, kinakadiriwa kwa fomula yenye umbo lilelile, ila mahali pa H panakaa NPSH. Kikomo cha busara cha matokeo yake, kwa vipimo vyetu, ni karibu 200. Kwa nusu mita ya ujazo, mizunguko 1,450 inadai NPSH ya mita 8.8, 970 inadai 5.2, 730 inadai 3.5.

Tunayo kiasi gani? Uwanda wa Kano uko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo inabeba maji mita 9 tu, si mita 10.3 za pwani. Toa 0.4 kwa mvuke wa maji ya nyuzi 30, ongeza mita 1 kwa impela iliyozamishwa kiasi hicho: tunabaki na 9.6. Kwa 1,450, akiba ni sentimita 80 tu, na hiyo ni pampu ikiwa mahali pake pazuri. Pampu ya aksia ikisogea pembeni mwa hapo, NPSH inayoihitaji hupanda haraka. Kwa hiyo 1,450 imeondoka mezani. Kituo kilekile kikiwa Tanga au Mombasa, kingekuwa na akiba ya zaidi ya mita 2.

Mchoro wa pampu, si namba peke yake

Imebaki aksia ya 970 dhidi ya mkondo mchanganyiko. Hapa namba inatupa onyo juu ya tabia, na tabia ndiyo inayoamua.

Pampu ya radia hutaka nguvu kidogo ikiwa vali imefungwa, na zaidi maji yanapoongezeka. Ndiyo maana tumezoea kuiwasha vali ikiwa imefungwa. Kwenye nq ya 100 hivi nguvu inakaa karibu sawa popote. Kwenye aksia mambo yanageuka: maji yakipungua, nguvu inapanda, na vali ikifungwa kabisa inaweza kufika maradufu ya kawaida au kupita. Fundi aliyezoea radia akifunga vali kabla ya kuwasha aksia, ampimita itaruka na rilei ya ulinzi itakata. Atairudia, itakata tena, na atasema mota ni mbovu.

Jambo la pili ni bonde lililo kwenye mchoro wa kimo wa pampu ya aksia. Maji yakipungua hadi karibu theluthi mbili ya kiasi chake bora, mkondo unaachana na mapanga, kimo kinayumba na shafti inatetemeka. Utalitambua kwa mngurumo mzito, sindano ya ampimita inayochezacheza, na maji yanayotoka kwa kusitasita mdomoni mwa bomba. Kituo chetu kinapanda kutoka mita 5 hadi 6.5 wakati wa ukame, yaani asilimia 30 juu ya kimo cha usanifu. Kiasi hicho kinaisogeza aksia ya 970 karibu mno na eneo hilo, na ni katika mwezi ambao mkulima anahitaji maji kuliko miezi yote.

Mchanganyiko kwa 580 ungetuliza hali hiyo, lakini mota yake ni kubwa kuliko inavyohitajika. Ninachopendekeza ni kugawa maji: pampu mbili, kila moja robo mita ya ujazo, kwa 970. Sasa nq ni 145, upande wa juu wa mkondo mchanganyiko, na NPSH inashuka hadi mita 3.3. Kila shafti inataka kilowati 15 hivi, kwa hiyo mota ya 18.5 inaweza kutosha, baada ya kuhakikisha kwenye mchoro wa mtengenezaji nguvu inayohitajika kwa mita 6.5. Kwa nq hiyo nguvu bado hupanda kiasi maji yakipungua, hivyo mdomo wa bomba uwekewe kilango cha bawaba kinachojifunga chenyewe, si vali ya kubanwa kwa mkono. Na pampu moja ikiharibika, nusu ya mashamba bado yanapata maji.

Aksia ina mahali pake halali. Chukua kazi ya kutoa maji ya mafuriko shambani kwa kimo cha mita 2. Robo mita ya ujazo kwa mizunguko 730 inatoa nq ya 217. Kuirudisha kwenye 145 kungedai mizunguko 488 kwa dakika, na pampu ya nusu mita ya ujazo ingedai 345. Hapo nunua aksia, lakini katika hati ya zabuni dai mchoro kamili wa kimo, nguvu na NPSH kuanzia maji sifuri, uone bonde linaanzia wapi. Chora juu yake kimo cha juu kabisa cha ziwa au mto unakomwaga maji. Mstari huo ukigusa bonde, irudishe zabuni.