Shoti ya Tangi Si Shoti ya Pampu

Wiki hii nataka tuzungumzie kilio cha wahudumu wa vituo vya mafuta. Mwisho wa mwezi meneja hupiga hesabu, akaona mafuta yaliyomo tangini ni pungufu ya yale ya daftarini, akaamua kuwakata mshahara. Akiulizwa yamekwenda wapi, jibu ni moja kati ya mawili: ama "mmeiba," ama "yamekwenda na jua." Nasema majibu yote mawili ni mepesi mno. Mafuta yanayopungua huacha nyayo, na mwenye daftari zuri anaweza kuzifuata.

Kwanza tutenganishe shoti mbili. Ya kwanza ni ya fedha. Mhudumu anapoingia zamu husoma mita ya pampu, na anapotoka huisoma tena. Tofauti ya masomo hayo, ukiizidisha kwa bei, ndiyo fedha anayodaiwa. Ikipungua, hilo ni lake kulieleza. Shoti ya pili ni ya tangi. Hiyo hutokea chini ya ardhi, mahali ambapo mhudumu hana ufunguo wala hana mkono.

Hesabu ya tangi ni nyepesi. Chukua mafuta yaliyokuwepo asubuhi, ongeza yaliyoletwa na tenka, toa yaliyopita kwenye mita. Usisahau kuyatoa kwenye mauzo yale mafuta yaliyochotwa kwa ajili ya kupima pampu kisha yakarudishwa tangini. Utakachopata ndicho kinachotakiwa kuwepo. Halafu piga dipu: tumbukiza kijiti, soma alama ya unyevu, tazama kwenye jedwali la tangi hilo alama hiyo ni lita ngapi.

Sasa twende Songwa, kule Shinyanga, jirani na Maganzo na mgodi wa almasi wa Mwadui. Tuchukue kituo cha mfano, chenye tangi la petroli la lita 20,000. Hesabu zake nimezitunga na kuzinyoosha ili zisikike vizuri redioni. Jumatatu asubuhi dipu inaonyesha lita 8,400. Jumatano tenka linashusha lita 10,000. Kwa wiki nzima mita inaonyesha lita 11,200, lakini 40 kati ya hizo zilikuwa za kupimia na zikarudishwa, hivyo zilizouzwa ni 11,160. Zinatakiwa kubaki lita 7,240. Dipu inasema 7,130. Pungufu ni lita 110. Tukisema lita moja ni shilingi 3,000, hizo ni shilingi 330,000. Kwa mhudumu, hilo si deni dogo.

Je, ni jua? Mvuke wa petroli upo kweli. Tenka linaposhusha, mafuta yanayoingia huisukuma nje hewa iliyojaa mvuke kupitia bomba la kupumulia. Lakini mvuke huo una kipimo. Kwa makadirio ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, kushusha lita 10,000 kwa bomba lililofika karibu na chini ya tangi hupoteza kama lita 12. Mafuta yakiachwa yaanguke kutoka juu, hasara hufika kama lita 19. Kupumua kwa tangi baada ya hapo huongeza lita moja au mbili. Kwenye joto letu tunaweza kuongeza kidogo, tuseme jumla iwe lita 15. Lita 110 haziwezi kuwa mvuke. Na kama tangi lenyewe ni la dizeli, meneja asilitaje jua kabisa, kwa maana dizeli karibu haina mvuke wa kuhesabika.

Lipo jambo jingine la joto ambalo wengi hulichanganya na mvuke. Petroli ikipoa hunywea. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, lita 1,000 hupungua kama lita 1.2. Tenka limetoka Dar es Salaam, takriban kilomita 1,000, likipigwa na jua njia nzima. Likiwasili na mafuta ya nyuzi 34, na ardhi ya Songwa ikiwa na 28, lita 10,000 zikipoa zote zitapungua lita 72. Kwa kuwa sehemu huuzwa kabla haijapoa, tuseme 50. Hakuna aliyeiba wala kilichovuja.

Tumeeleza lita 65. Zimebaki 45. Hapa ndipo daftari la kila siku linapokuwa shahidi. Kabla ya tenka kuja, tangi lilipungua lita 6 au 7 kwa siku. Siku ya kushusha lilipungua 24, Alhamisi 30, halafu upungufu ukashuka siku hadi siku mpaka 10 siku ya Jumapili. Kama tenka lingeleta pungufu, pengo lote lingeonekana mara moja, kati ya dipu ya kabla ya kushusha na dipu ya baada ya mafuta kutulia. Pengo linalokuja polepole kisha likafifia ni mafuta yanayopoa. Lakini zile lita 6 za kila siku hazina uhusiano na tenka. Zilikuwepo kabla yake.

Zaweza kuwa mvujo, au pampu. Mvujo haulali: hutoka hata kituo kikifungwa. Makosa ya pampu hufuata mauzo: ukiuza sana hukua, ukifunga hukoma. Kwa hiyo chukua kopo la kupimia la lita 20, ulijaze kwa kila pampu. Kiwango cha kimataifa huruhusu pampu kukosea nusu ya asilimia moja, yaani mililita 100 katika lita 20. Katika mfano wetu kopo linaonyesha pampu inatoa mililita 80 zaidi. Zidisha kwa mauzo ya wiki: karibu lita 45. Mwizi tuliyemtafuta ni pampu inayowapa wateja ziada, tena bila kuvunja kiwango!

Nitoe tahadhari kuhusu dipu. Katikati ya tangi la ukubwa huo, milimita moja ya kijiti ni kama lita 13. Anayesoma kwa haraka, au mafuta yakiwa bado yanacheza, hukosea lita 60 bila kujua. Udongo mweusi wa mbuga wa Kishapu nao huvimba masika na kupasuka kiangazi. Tangi likiinama, kijiti husoma uongo ingawa jedwali ni sahihi. Ndiyo maana dipu ya siku moja haimhukumu mtu. Kosa la kusoma leo hujirudi kesho kwa upande wa pili. Hasara ya kweli huendelea kujumlishika wiki hadi wiki. Hiyo ndiyo ya kuifukuza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasara mpaka iwe imetokana na kosa lake, aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na apewe nafasi ya kupinga. Hata hapo makato hayapiti robo ya mshahara. Basi, ndugu mhudumu, ukiambiwa tangi limepungua, usianze kulia wala kuapa. Omba uonyeshwe dipu za kila siku, dipu mbili za siku ya tenka, na matokeo ya kopo. Meneja asiyekuwa na hayo matatu hajafanya hesabu bado.