Kadi Tano kwa Siku: Msamiati wa Lugha ya Pili



Mtoto wa hapa Ndithini huanza na Kikamba nyumbani, kisha akakutana na Kiswahili sanifu darasani. Akifika sekondari huongea bila taabu, lakini mpe ukurasa wa Taifa Leo uone: hukwama kwenye dhamana, ruzuku na mswada, maneno yasiyosikika sana sokoni. Hayo ndiyo nitakayoyazungumzia, na jinsi ya kuyakumbuka.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima kumbukumbu mwenyewe. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi saa za mwanzo, kisha kasi hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner aliligeuza wazo hilo kuwa sanduku la kadi. Kasha la viatu latosha. Ligawe vyumba vitano, na kadi zake zirudiwe baada ya siku 1, 2, 4, 8 na 16. Ukijibu sawa, kadi husonga chumba cha mbele, na ikifaulu cha tano hutoka sandukuni. Ukikosea, hurudi cha kwanza.

Kadi nayo iweje? Soma aya mbili tatu za gazeti kila siku, uchague sentensi yenye neno geni. Mbele andika: “Mahakama ilimwachilia kwa ______ ya shilingi elfu hamsini.” Nyuma: dhamana, ngeli ya I-ZI, dhamini, mdhamini. Neno peke yake na maana yake pembeni halitoshi, kwa sababu utalitambua kwenye kadi ukalikosa gazetini. Na ukikutana na “wadhamini”, kumbuka kamusi huliweka chini ya M.

Kuna mtego mmoja wa kwetu. Kikamba huandika th na kutamka dh, kama katika jina hili la Ndithini. Basi dhamini na thamini humchanganya Mkamba kirahisi. Usiyaingize sandukuni wiki moja. La kwanza lifike chumba cha nne ndipo umlete mwenzake. Dalili ya mgongano ni kadi mbili zinazorudi chumba cha kwanza kwa kupokezana.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi huacha. Ukiongeza maneno 5 kwa siku, baada ya mwezi mmoja kila siku itakudai marudio kama 25, mbali na yaliyokosewa. Ukiongeza 20, yatafika 100, na mwanafunzi wa kidato cha tatu hana muda huo. Siku ukizidiwa, simamisha kadi mpya, usisimamishe marudio.

Sanduku lina mpaka wake: halifundishi neno linaandamana na lipi. Hilo hutokana na kusoma, na matini ikiwa na maneno mageni zaidi ya matano katika kila mia, iache kwa sasa utafute nyepesi. Walimu, nawaomba gazeti la jana lisifungiwe ofisini, lipelekeni darasani.