Siku Tisini za Mswada

Tutazungumza kuhusu hesabu. Si hesabu ya fedha, bali hesabu ya maneno: ni mangapi yaandikwe kila siku ili mswada wa awali wa kitabu ukamilike katika siku tisini.

Muda huo haukuzuka hivi hivi. Mwandishi wa Kimarekani Stephen King, katika kitabu chake kuhusu uandishi kilichotoka mwaka 2000, anashikilia kwamba rasimu ya kwanza ya kitabu, hata kikiwa kirefu, isizidi miezi mitatu. Yeye mwenyewe alijiwekea maneno 2,000 kwa siku, na mwanafunzi wa kazi hiyo akamshauri aanze na 1,000, na apumzike siku moja katika juma.

Hata hivyo, anayeandika Kiswahili asiichukue tarakimu hiyo kama ilivyo. Lugha yetu huyafunga mengi katika neno moja. Ukiandika "Nilipomwona sikumtambua", umeandika maneno mawili tu, na Mwingereza atahitaji kama tisa kusema jambo hilo hilo. Si kila sentensi iliyo hivyo, kwani tuna "ya" na "wa" na "kwa" zinazohesabiwa kila moja peke yake, lakini kwa jumla maneno 1,000 ya Kiswahili hubeba hadithi nyingi kuliko maneno 1,000 ya Kiingereza, na huchukua muda mrefu zaidi kuandikwa. Riwaya ya Kiswahili yenye maneno 45,000 ni kitabu kamili, wala mwenyewe hana sababu ya kuona haya.

Basi na tuitwae tarakimu hiyo, 45,000, na tumfikirie muuguzi katika mji mmoja wa Uingereza, ambaye huingia zamu ya saa kumi na mbili mara tatu kwa juma. Ana watoto wawili shuleni. Anataka kuandika riwaya juu ya ukoo wake wa Pemba. Hesabu ya haraka humwambia: maneno 45,000 kugawanya kwa siku 90 ni 500 kwa siku. Ukurasa mmoja na nusu! Hujiona amekwisha kufika.

Hesabu hiyo inahadaa, na ndiyo inayowaangusha wengi. Siku tano za mwanzo ni za kupanga sura na kuwajua wahusika, na siku tano za mwisho ni za kuusoma mswada. Zimebaki themanini, yaani majuma kumi na moja na siku tatu. Katika kila juma, siku tatu ni za zamu. Arudipo nyumbani usiku miguu inamuuma, na tusijidanganye kwamba ataandika. Siku moja ni ya watoto, ya soko na ya kupiga simu nyumbani. Zimesalia siku tatu kwa juma, nazo kwa majuma kumi na moja ni thelathini na tatu. Tatu kati ya hizo tuziweke akiba, pamoja na zile tatu zilizozidi nje ya majuma. Siku halisi za kuandika ni thelathini, na kila moja inadai maneno 1,500. Ni mara tatu ya ile tarakimu ya kwanza.

Je, anaziweza? Hilo halijibiwi kwa moyo, bali kwa saa ya ukutani. Kabla ya kuanza, na aandike kwa muda wa saa moja katika siku tatu tofauti, kisha ahesabu. Kompyuta itamhesabia. Anayeandika kwa mkono ahesabu maneno ya mistari kumi; yakiwa themanini, kila mstari una manane, na ukurasa wa mistari ishirini na mitano una 200. Tuseme muuguzi wetu amepata wastani wa maneno 500 kwa saa. Basi siku yake ya kuandika ni ya muda wa saa tatu: apande mezani watoto wakishaingia shule, ainuke kabla ya adhuhuri. Lau angepata 300 tu, dawa si kukesha. Dawa ni kupunguza urefu wa kitabu ama kuongeza majuma, na kuamua hivyo siku ya kwanza, si ya sabini.

Saa tatu hizo zina mfano mashuhuri. Anthony Trollope, mwandishi wa Kiingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka 1883 baada ya kufa kwake, anaeleza kwamba alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaandika kwa muda wa saa tatu kabla ya kwenda kazini. Saa yake ilikuwa mbele yake, naye alijidai maneno 250 kila robo saa. Sisi wengine hatuifikii kasi hiyo, lakini tunaloweza kuliiga ni hili: nusu saa ya kwanza aliitumia kuisoma kazi ya jana ili sauti yake imrudie masikioni. Tena alikuwa na daftari la kuandika kurasa za kila siku, na siku ya uvivu ilionekana humo waziwazi.

Daftari ndilo litakalomwonyesha muuguzi wetu ugonjwa kabla haujakomaa. Ikiwa saa zinakwenda nazo hesabu imesimama, ujue anarudi kusahihisha sura ya kwanza. Hapo sheria ni moja: maneno mapya tu ndiyo yanayohesabiwa, na kila sahihisho liandikwe pembeni kwa mstari mmoja, aendelee mbele. Lakini hesabu ikipanda upesi kupita kawaida, hilo nalo litazamwe. Mara nyingi wahusika wamekaa barazani wanaamkiana. Shikamoo, marahaba, habari za huko, za siku nyingi, watoto hawajambo. Kwa Kiswahili mtu aweza kujaza kurasa mbili na hakuna jambo lililotokea. Dalili hiyo huja zaidi katikati ya kitabu, pale mpango wa sura unapokwisha na mwandishi hajui mhusika anataka nini. Siku hiyo aache kuandika, achukue siku moja ya akiba, apange upya sura tatu zinazofuata.

Na deni je? Mtoto akiugua juma zima, maneno 4,500 yamepotea. Asiyabebe yote juma linalofuata. Atoe siku tatu za akiba. Akiba ikiisha, naye bado ana deni la maneno 6,000 na siku kumi na mbili tu mkononi, kila siku itadai 500 zaidi, yaani muda wa saa nne, ambao hana. Hapo akate sura nzima: yule shemeji aliyekwenda Mombasa na kurudi bila jambo, asiende.

Zile siku tano za mwisho, mswada uchapwe kwenye karatasi na usomwe tangu mwanzo, kalamu ikiandika kasoro katika orodha tu, bila kugusa sentensi. Orodha hiyo, pamoja na masahihisho yaliyowekwa pembeni, ndiyo kazi ya mswada wa pili, na huo una kalenda yake.