Hesabu za Mwaka 2024 na Gawio Tunalopendekeza

(Hotuba ya Halmashauri kwa mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo)



Sheria yataka mkutano huu ufanywe kabla ya miezi minne kupita tangu mwaka wa hesabu kwisha. Mwaka wetu uliisha tarehe 31 Desemba 2024, na hesabu zilizo mikononi mwenu zimekwisha pitiwa na mkaguzi mliyemchagua ninyi wenyewe. Tunajua mmekuja na swali moja. Mwaka jana tulilipa gawio la 16 kwa mia, na mwaka huu Halmashauri inaleta 10 kwa mia. Zile 6 zimekwenda wapi? Tutalijibu, lakini twaomba kwanza mtufuate katika hesabu yenyewe.

Mapato yote ya mwaka yalikuwa Sh. 11,000,000. Karibu yote yametoka mifukoni mwenu, kwa kuwa Sh. 9,800,000 ni riba mliyolipa juu ya mikopo yenu. Sh. 900,000 zilitoka katika hati za hazina za Serikali na akiba ya benki, na Sh. 300,000 ni viingilio na ada ndogo ndogo. Chama hiki hakina shamba wala duka. Mwanachama akikopa na kulipa, ndipo tunapopata, na asipolipa hakuna mahali pengine pa kuchuma.

Gharama zilikuwa Sh. 4,500,000. Mishahara ya makarani ilichukua Sh. 1,900,000. Kodi ya nyumba ya ofisi, umeme, karatasi na mashine zilichukua Sh. 700,000, posho za vikao na mkutano mkuu Sh. 500,000, na ukaguzi pamoja na kodi ya Serikali Sh. 200,000. Hizo zote hazikupanda sana, na anayetaka kuuliza juu ya posho aulize, hesabu yake iko ukurasa wa nne. Sh. 1,200,000 zilizobaki ndizo zenye hadithi. Katika karatasi zimeandikwa “fungu la madeni yenye mashaka”, na mwaka jana fungu hilo halikuwako.

Hadithi yake ni hii. Mwajiri mmoja wa wanachama wetu alikata mishahara kama kawaida kuanzia Septemba hadi Desemba 2024, lakini fedha hazikufika kwetu. Kila mwezi zilikuwa Sh. 800,000, jumla Sh. 3,200,000. Baada ya barua nyingi alileta nusu mwezi wa Januari. Zimebaki Sh. 1,600,000. Kati ya hizo, Sh. 400,000 ni akiba za wanachama, na Sh. 1,200,000 ni malipo ya mikopo.

Mkaguzi alituuliza swali fupi: mwaweza kuonyesha hati yoyote inayothibitisha kwamba fedha hizi zitakuja? Hatukuwa na hati ila ahadi. Akasema, basi zile za mikopo zitengeni zote. Tulikubaliana naye. Riba iliyoandikwa kitabuni lakini haijafika benki haiwezi kugawiwa mtu, na chama kinachogawa fedha za kitabuni hulazimika kukopa ili kulipa gawio, kisha wanachama haohao hulipa riba ya deni hilo.

Fedha hizo hazikufutwa. Zikilipwa mwaka huu, zitarudi katika mapato ya mwaka 2025. Kadhalika, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, kifungu cha 35, yasema mwajiri aliyekata na asipeleke katika siku saba atalipa fedha hizo pamoja na riba juu ya riba, isiyopungua 5 kwa mia kila mwezi. Riba hiyo tumeidai kwa barua. Hatukuiandika katika mapato, hata senti moja, kwa sababu kudai si kupokea.

Ninyi mnaofanya kazi kwa mwajiri huyo, tumewaagiza makarani wasiwaite wadhamini wenu kwa miezi hiyo minne. Ninyi mlikatwa, na karatasi zenu za mshahara ni ushahidi. Zileteni ofisini. Na wanachama wengine wote, kila mwezi wa tatu ombeni taarifa yenu ya akiba na mikopo, muiweke kando ya karatasi ya mshahara. Kiasi kilichokatwa kikiwa hakionekani katika taarifa, njoni siku hiyohiyo. Makosa ya mwezi mmoja hurekebishwa kwa simu, lakini ya miezi minne mmeona yalivyotufanya.

Turudi katika hesabu. Toa gharama katika mapato, zabaki Sh. 6,500,000. Hapa wengi huchanganya mambo mawili, akiba na hisa. Akiba zenu ni Sh. 80,000,000, nazo hupata riba. Hisa zenu ni Sh. 8,000,000, nazo hupata gawio. Riba ya akiba twapendekeza iwe 6 kwa mia, kama mwaka jana, yaani Sh. 4,800,000. Huhesabiwa kwa mwezi. Aliyeweka Sh. 12,000 mwanzo wa Januari atapata Sh. 720, aliyezileta mwanzo wa Desemba, kama wengi wapendavyo, atapata Sh. 60.

Baada ya riba hiyo, ziada safi ni Sh. 1,700,000. Sheria ndogo za chama zataka 20 kwa mia iende katika akiba ya dharura, nayo ni Sh. 340,000, haiguswi. Zabaki Sh. 1,360,000. Gawio la 10 kwa mia ni Sh. 800,000. Zilizobaki, Sh. 560,000, twapendekeza zikae chamani mpaka lile deni limalizike.

Tumesikia kwamba tawi moja litaleta hoja ya 15 kwa mia. Ni haki yao, na hesabu yaruhusu: gawio litakuwa Sh. 1,200,000, na chama kitabaki na Sh. 160,000. Lakini pimeni faida yake. Sisi ni wanachama 640, na hisa za kila mmoja kwa wastani ni Sh. 12,500. Kwa 10 kwa mia atapata Sh. 1,250. Kwa 15 atapata Sh. 1,875. Tofauti ni Sh. 625, kabla ya kukatwa kodi ya gawio ya 5 kwa mia. Kwa ajili ya Sh. 625 hizo tutakuwa tumeondoa karibu kinga yote tuliyo nayo nje ya akiba ya dharura, na mwajiri mwingine akichelewa miezi miwili tu, foleni ya mikopo itasimama. Wenye watoto wa kwenda shule mwezi wa Mei ndio watakaoumia kwanza.

Fedha za kulipa ziko. Benki tulikuwa na Sh. 3,900,000 tarehe 31 Desemba, na hati za hazina za Sh. 9,000,000 zitaiva mwezi wa Aprili. Hatutakopa.

Ndugu Mwenyekiti, sasa twaomba maswali juu ya hesabu yachukuliwe kwanza, kisha kura mbili zipigwe mbalimbali: moja ya riba ya akiba, na nyingine ya gawio. Likikubaliwa lolote, malipo yataanza wiki ya mwisho ya Aprili, na kila mtu aje na nambari yake ya uanachama.