Misuli ya nyonga na nguvu za kiume

Je, mazoezi yanaweza kurudisha nguvu za kiume?

Twende kwanza Bristol, Uingereza. Huko mtaalamu wa tiba ya viungo, Grace Dorey, aliwafuatilia wanaume 55 wenye upungufu wa nguvu za kiume. Baada ya miezi 6 ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, asilimia 40 walirudi katika hali ya kawaida.

Anayeanza hujibana kama anayezuia ushuzi, huhesabu hadi 5, kisha hulegeza. Mara 10, asubuhi na jioni. Korodani zikipanda kidogo, amepatia. Makalio yakikakamaa, amekosea. Huongeza kutembea haraka dakika 40, siku 4 kwa wiki, ili damu ipite vizuri mishipani.

Kwa upande wa pili, takriban robo ya wanaume wa Dorey hawakunufaika. Tena tatizo hili huweza kutangulia ugonjwa wa moyo. Mbona basi wengi huanzia kwa muuza dawa wa mtaani, si kwenye kipimo cha sukari na presha?