Aliyeuliza Bei Hakuuliza Historia

Mwaka 2002 Andrei Broder, aliyekuwa mtafiti mkuu wa AltaVista, alichapisha makala fupi ambayo fani yetu ya kuwaandikia watafutaji wa mtandaoni inaitegemea hadi leo. Aliyapitia maswali 400 kutoka kwenye kumbukumbu za injini hiyo ya utafutaji na kuyagawa kwa nia ya aliyeuliza. Karibu nusu waliuliza ili kujua jambo. Asilimia 20 walikuwa wakitafuta mlango wa kuingilia tovuti waliyokwisha kuijua. Asilimia 30 walitaka kufanya kitu: kununua, kupakua, kujisajili. Maswali yasiyo ya Kiingereza aliyaondoa kabla ya kuanza kuhesabu, kwa hiyo mtafutaji wa Kiswahili hakuwamo katika hesabu ile.

Baadaye watu wa biashara waliongeza kundi la nne, la mtu anayechunguza kabla ya kutoa pesa. Yeye anataka kujua, lakini anataka kujua ili anunue. Jioni hii nitakaa na huyu zaidi, maana ndiye anayeangushwa na waandishi wetu mara nyingi.

Tuchukue maneno haya, kama yanavyoandikwa kwenye simu: `bei ya bati geji 28`. Anayeyaandika ana jengo lililofika kwenye linta, au ana fundi aliyemwambia alete bati wiki ijayo. Sasa tuseme amefungua makala ya maneno 1,500. Inaanza na maana ya bati, inapita kwenye historia ya kuezeka, faida na hasara, kisha aya ya mwisho inasema bei hutegemea soko. Kiswahili chake ni safi na kila sentensi ni ya kweli. Mtafutaji anateremsha ukurasa mara mbili, haoni tarakimu, anarudi alikotoka na kufungua tovuti nyingine.

Kosa la makala ile halimo katika habari zake. Limo katika umbo. Swali la bei linajibiwa kwa jedwali, tena jedwali lenye tarehe, mahali na kipimo. Kipimo ndicho kinachosahaulika zaidi. Kuna bati linalouzwa kwa kipande na kuna linalouzwa kwa mita, hivyo bei tupu bila kusema ni ya nini humpotosha msomaji. Kwa tarakimu za mfano tu: duka moja linauza kipande cha mita 2.5 kwa shilingi 30,000, na la pili kipande cha mita 3 kwa bei hiyohiyo. Kwa kipande maduka yamelingana. Kwa mita, la kwanza ni shilingi 12,000 na la pili 10,000. Safu moja ya ziada kwenye jedwali ingemwonyesha hayo mara moja, na aya kumi za nathari nzuri zisingemwonyesha.

Badilisha maneno kidogo, umbo nalo linabadilika. Aliyeandika `tofauti ya geji 28 na 30` hataki bei kwanza. Anataka kuambiwa kwamba kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na hilo lina maana gani kwa paa lake. Aya mbili zinamtosha. Anayeuliza namna ya kukokotoa idadi ya bati anataka hesabu iliyofanywa hatua kwa hatua: urefu wa upande wa paa gawanya kwa upana ambao bati moja hufunika baada ya kupandana na jirani yake. Anayeuliza duka lililo karibu anataka ramani na namba ya simu, na huyo makala haimfai hata kidogo. Hawa ni watu wanne wanaozungumza juu ya kitu kimoja. Mwandishi anayetaka kuwabeba wote katika ukurasa mmoja mrefu huishia kumchosha kila mmoja wao kwa mahitaji ya wenzake watatu.

Injini inajuaje kwamba umbo limekosewa? Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google mwaka 2023, Pandu Nayak, mmoja wa wakuu wa idara ya utafutaji ya kampuni hiyo, aliieleza mahakama ya Washington kuhusu mfumo uitwao Navboost. Mfumo huo hutumia mibofyo ya watafutaji ya takribani miezi 13 iliyopita. Kwa ufupi, watu wakizoea kuruka ukurasa fulani na kutulia kwenye mwingine, mazoea hayo yanabaki katika kumbukumbu. Sisemi mibofyo ndiyo pekee inayopanga matokeo. Lakini makala isiyo na umbo linalotakiwa hushindwa polepole, na mwandishi wake anaendelea kuamini kwamba tatizo ni urefu, akaiongezea maneno.

Dalili zinaonekana kwenye Search Console. Ukurasa unaonyeshwa mara nyingi kwa swali fulani, na wanaobofya ni wachache. Hapo usikimbilie hukumu, kwani ukurasa ulio chini sana kwenye orodha haubofywi hata ukiwa mzuri, na maswali mengine hujibiwa palepale kwenye ukurasa wa matokeo bila mtu kubofya popote. Ukishaondoa sababu hizo mbili, fungua matokeo ya kwanza uyatazame kwa umbo. Kama mengi ni orodha za bei na wewe una insha, umepata jibu lako.

Ushauri huo wa kutazama ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa lugha zenye kurasa nyingi. Kwa Kiswahili una mpaka wake. Pale ambapo kurasa zinazofaa ni chache, injini huweka mbele kilichopo: video, tangazo la muuzaji, habari ya miaka mingi nyuma. Ukiiga umbo la hivyo utakuwa umeiga uhaba. Mimi ningewaamini zaidi wauza bati. Waulize wateja huwauliza nini baada ya kutajiwa bei, nao watakwambia: geji ngapi, mita ngapi, usafiri juu ya nani. Hizo ndizo safu za jedwali lako.

Lipo pia swali ambalo makala hailiwezi kwa umbo lolote. Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa Tanzania, mzazi anayeandika `matokeo ya kidato cha nne` anataka kurasa za Baraza la Mitihani. Hilo ni swali la mlango. Kila mwaka tunaona makala ndefu zenye kichwa hicho, kiungo cha Baraza kikiwa kimefichwa mwishoni, chini ya matangazo. Mzazi anapotezewa muda kwa makusudi, na sioni jina lingine la kuliita jambo hilo ila ulaghai mdogo. Mwandishi mwenye akili huliacha swali hilo kwa wenyewe, akaandikia swali la kesho yake: daraja hili linamfikisha wapi mtoto, na nafasi za kidato cha tano hupangwaje.

Wanafunzi wa uandishi mliomo ukumbini, ombi langu kwenu ni moja. Kabla ya kuandika aya ya kwanza, andikeni juu ya karatasi kile ambacho msomaji atakifanya mara tu akishapata jibu. Kama atakwenda dukani, mpeni jedwali.